Kutoka rejista ya mkono hadi jedwali safi: somo la wiki moja ya darasa

Nitafanya kazi na mfano mmoja tu: darasa la wanafunzi 42, wavulana 20 na wasichana 22, wiki ya tarehe 22 hadi 26 Aprili 2024. Nimeichagua wiki hii kwa sababu Ijumaa yake ilikuwa Sikukuu ya Muungano, na siku ya mapumziko ndiyo inayowachanganya wengi wanapohamisha mahudhurio kwenye kompyuta.

Rejista nyingi za shule zetu zina sura moja. Kushoto kuna namba, jina na jinsi, halafu visanduku vya siku. Asubuhi mwalimu akiita majina anachora mstari mmoja wa mshazari, mchana anaukata kwa mstari wa pili, ndipo inapatikana eksi. Asiyekuja anawekewa duara. Kulia kuna jumla ya wiki ya kila mwanafunzi, na chini kuna jumla ya siku, ya asubuhi na ya mchana: wavulana, wasichana, wote. Hizo jumla mbili, ya kulia na ya chini, ndizo nguzo za somo hili. Mwalimu alizihesabu mwenyewe akiwa na darasa mbele yake, kwa hiyo zitatuambia tulipokosea kusoma.

Kwanza, picha. Weka rejista karibu na dirisha, simu iwe juu yake sawasawa, isiinamie upande. Piga kwa rangi. Usitumie ule mtindo wa kamera unaogeuza ukurasa kuwa mweusi na mweupe kama fotokopi, kwani unafuta alama za penseli, na wekundu wa kalamu nao unapotea. Kama siku zimevuka hadi ukurasa wa kulia ambao hauna majina, hakikisha safu ya namba inaonekana kwenye kila picha. Bila namba, utahesabu mistari kwa jicho, na jicho huchoka likifika ishirini na kitu.

Pili, amua herufi zako kabla ya kugusa kibodi. Usiandike mshazari wenyewe: ukibonyeza `/` kwenye kisanduku kitupu cha Excel ya Windows, badala ya kuandika itakupeleka kwenye menyu za juu. Usitumie sifuri pia, maana leo utaandika tarakimu, kesho herufi O, na kompyuta itaona vitu viwili tofauti. Mimi natumia hizi:

X ni mistari yote miwili. A ni asubuhi tu. J ni mchana tu (naita jioni, ndiyo maana J). N ni duara, yaani hakuja. R ni ruhusa na G ni mgonjwa, pale mwalimu alipoandika sababu. S ni sikukuu. W ni kisanduku kilichoachwa wazi. Z ni alama isiyosomeka.

Z hiyo niliipata kwa uchungu. Mwanzoni nilikuwa naweka alama ya kuuliza, nikaja kuhesabu kwa `COUNTIF(D2:D43,"?")` nikaambiwa alama zisizosomeka ni 42. Kumbe kwenye fomula hiyo alama ya kuuliza maana yake ni "herufi yoyote moja", kwa hiyo ilihesabu darasa zima.

Tatu, andika unachokiona, usiandike unachodhani. Fungua karatasi uiite `soma`. Safu A ni namba, B ni jina, C ni jinsi (ME au KE), D hadi H ni siku tano. Kichwa cha kila siku kiandike tarehe kamili, `2024-04-22`, kwa sababu ukiandika 4/5 kuna kompyuta itakayoisoma tarehe 5 Aprili.

Mwenzio asome kwa sauti, rula ikiwa chini ya mstari, wewe uandike: "Namba saba: eksi, eksi, duara, eksi, sikukuu." Kisanduku kikiwa wazi ni W hata kama una hakika kabisa kwamba mtoto alikuwepo. Kutafsiri kunakuja baadaye, kwenye karatasi nyingine.

Ijumaa yote iwe S, kutoka juu hadi chini. Angalia hapa: walimu hupenda kuandika neno MUUNGANO kwa kushuka, herufi moja kila kisanduku. Ile O ya mwisho humwangukia mtoto fulani wa namba ya nane au ya ishirini, na msomaji mwenye haraka anamhesabia utoro siku ya mapumziko.

Nne, linganisha na jumla za mwalimu. Chini ya safu ya Jumanne weka wavulana waliokuwepo asubuhi:

```
=COUNTIFS($C$2:$C$43,"ME",E$2:E$43,"X")+COUNTIFS($C$2:$C$43,"ME",E$2:E$43,"A")
```

Wasichana ni hiyo hiyo, badili ME iwe KE. Kulia, kwenye safu I, weka jumla ya mahudhurio ya wiki ya mwanafunzi, ambapo eksi ni mawili na mstari mmoja ni moja:

```
=2*COUNTIF(D2:H2,"X")+COUNTIF(D2:H2,"A")+COUNTIF(D2:H2,"J")
```

Kwa kuwa Ijumaa haikuwa ya masomo, aliyekuja siku zote anapata 8, si 10. Safu J andika jumla ya mwalimu kama ilivyo kwenye rejista, halafu tazama wapi I na J hazilingani.

Jumanne tarehe 23, rejista inasema wavulana 17. Jedwali langu lilitoa 16. Kuna mvulana mmoja amepotea, lakini yupi kati ya ishirini? Hapo ndipo jumla ya kulia inapofaa. Wavulana wote walilingana isipokuwa namba 14: mwalimu alimpa 8, mimi 6. Safu ya Jumanne na mstari wa 14 vinakutana kwenye kisanduku kimoja, E15. Nilipoikuza picha niliona duara, na juu yake eksi ya kalamu iliyokandamizwa. Mtoto alichelewa, akawekewa duara, akafika, mwalimu akalichorea eksi juu. Mimi nilikuwa nimeliona duara tu. Nikabadili N kuwa X, na namba zote mbili zikakaa sawa kwa mpigo.

Kosa la pili lilikuwa la siri zaidi. Jumla za chini hazikulionyesha, ila namba 23 alikuwa na 6 kwangu na 8 kwa mwalimu, na namba 24 kinyume chake. Ukiona majirani wawili wamebadilishana hivyo, rula iliteleza: umempa mmoja alama za mwenzake. Kwa kuwa wote wawili ni wasichana, jumla ya siku haikutikisika hata kidogo. Ndiyo maana mtu anayekagua chini peke yake anaweza kuwa na jedwali bovu linaloonekana zima.

Na kuna wakati anayekosea ni mwalimu. Alhamisi rejista ilisema wasichana 20. Jedwali likasema 19, na hakuna msichana hata mmoja aliyebaki akitofautiana upande wa kulia. Tulihesabu tena alama kwenye ukurasa wenyewe kwa kidole: 19. Hapo usilazimishe. Acha alama kama zilivyo, andika pembeni "rejista 20, alama 19", endelea.

Tano, karatasi safi. Tengeneza karatasi ya pili, `safi`, yenye namba na tarehe zile zile kwenye safu zile zile. Kwenye D2:

```
=IF(soma!D2="X",1,IF(OR(soma!D2="A",soma!D2="J"),0.5,IF(OR(soma!D2="N",soma!D2="R",soma!D2="G"),0,"")))
```

Ivute hadi mwisho. S, W na Z zinabaki tupu, wala haziwi sifuri. Ukitaka kiwango cha mwanafunzi kwa wiki, `AVERAGE(D2:H2)` itaziruka zenyewe. Aliyekuja siku zote nne anapata 1. Kama ungeiacha Ijumaa iwe sifuri angepata 0.8, na darasa zima lingeonekana lina utoro. Jina la mtoto liishie kwenye `soma`. Karatasi unayoituma kwa mtu mwingine iwe na namba tu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, habari za kazi. Rejista niliyopewa, Jumatano nzima ina mstari mmoja mmoja. Ina maana darasa lote liliondoka saa sita?*

Salama, mwalimu mwenzangu. Tazama chini ya safu hiyo kwenye nafasi ya jumla ya mchana. Ikiwa imeandikwa 0, wameondoka kweli, labda kwa mvua au mkutano. Ikiwa tupu, mchana majina hayakuitwa. Kwenye `soma` waache wote na A. Ila kwenye `safi`, kama siku za namna hiyo ni nyingi, hesabu asubuhi peke yake kwa siku zote: X na A ziwe 1, na J iwe 0. Ukichanganya vipimo viwili kwenye jedwali moja, Jumatano itaonekana nusu ya darasa halikuja.

*Shikamoo. Kuna mtoto amehamia katikati ya mwezi, ameandikwa namba 43 chini kabisa, nyuma kwote kuko wazi. Mwingine amepigwa mstari mrefu wenye neno "amehama". Hao ni N?*

Marahaba. Hapana, wote ni W kwa siku ambazo hawakuwa wa darasa hilo. Mtu hawezi kutoroka shule ambayo hajaandikishwa. Ongeza mstari wa 44 kwenye karatasi na ubadili `$43` zote kwenye fomula ziwe `$44`, maana huyo mpya hatahesabiwa na fomula za chini hadi ufanye hivyo.

*Z je? Nina tano, wino umelowa.*

Jaribu kuzitatua kwa jumla. Mwanafunzi mwenye Z moja, siku nyingine zinampa 6 na mwalimu alimpa 8: Z hiyo ni X, haiwezi kuwa kingine. Alimpa 7? Basi ni A au J, na jumla ya asubuhi ya siku hiyo itakuambia ni ipi. Ukishajaza, kipake kisanduku rangi ili kijulikane kuwa kimekisiwa kwa hesabu. Zikiwa Z mbili kwenye mstari mmoja na hesabu haitoshi, ziache.

*Ofisini wanataka kila mstari uwe mwanafunzi mmoja na tarehe moja, wala si tarehe kwenda kulia. Nitanakili mkono kwa mkono?*

Usijitese. Futa kwanza safu ya jina, safu I na J na zile jumla za chini kwenye nakala ya `soma`, chagua jedwali, nenda `Data`, kisha `From Table/Range`. Kwenye dirisha litakalofunguka, chagua safu za namba na jinsi, bonyeza kulia, `Unpivot Other Columns`, kisha `Close & Load`. Wiki yetu ya watu 42 na siku 5 inatoa mistari 210. Hesabu hiyo mistari. Ikipungua, kuna kisanduku ulikiacha tupu kabisa bila kuandika W, kwa sababu amri hiyo huvitupa vilivyo tupu bila kukuambia.