Wakwe wanaingilia fedha na ujenzi wenu? Aongee mwenye damu yake

Katika kazi yangu ya ushauri wa ndoa naona kosa hili mara nyingi: mke anachoka, anamwambia mama mkwe moja kwa moja, na kuanzia siku hiyo hakuna anayezungumzia fedha tena. Kinachozungumzwa ni adabu ya mke. Maneno yaleyale akiyasema mtoto wa kumzaa, mama ataumia, lakini hatamwita mgeni. Kwa hiyo kazi yako wewe mke (au mume, kama wakwe ni wa upande wa pili) ni kumwandaa mwenzi wako.

Nitatumia mfano wa wanandoa wa Morogoro waliokuja kwangu. Mama wa mume, anayeishi Ifakara, alikuwa akipiga simu kila baada ya siku chache: wasinunue mabati mwaka huu, nyumba ya kijijini ikarabatiwe kwanza. Mume alikuwa anaitikia "sawa mama," na fedha ya mabati inapungua.

Hatua ya 1: Kaeni na daftari. Usianze na "mama yako." Anza na hesabu. Wao kwa pamoja walikuwa wakipata 900,000 kwa mwezi. Wakaandika kodi, ada, chakula na ujenzi, kisha wakakubaliana 80,000 ziende kwa mama kila tarehe 5, na 30,000 zitengwe kwa ajili ya ugonjwa. Hapa mke alinyamaza akavumilia, maana alitaka 50,000 tu. Nilimwambia akubali. Mume asiye na kitu cha kumpelekea mama yake hatafungua mdomo.

Hatua ya 2: Chagueni jambo moja. Si mabati, na wifi, na jina la mtoto kwa pamoja. Wao walichagua hili: uamuzi wa ujenzi ni wa wawili.

Hatua ya 3: Pangeni maneno, myaseme kwa sauti. Hapa ndipo panapoharibika zaidi, kwa hiyo msiharakishe. Mume huyu jaribio la kwanza alisema, "Mama, mwenzangu analalamika." Sentensi hiyo moja ingemchoma mke kwa miaka. Tukarudia mpaka ikawa hivi:

"Mama, nimekuja mwenyewe kwa sababu jambo hili si la kwenye simu. Mimi na mwenzangu tumekaa, tumepanga. Kila tarehe 5 utapata 80,000, na ukiugua nitafika. Ila mambo ya nyumba tunayojenga tutaamua sisi wawili. Ushauri wako nitausikiliza, lakini naomba usikasirike tukiamua tofauti."

Angalia neno "tumepanga." Halimtaji mke kama mkataaji, wala halimfichi. Na ahadi imetangulia ombi.

Hatua ya 4: Aende mwenyewe. Si kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, si msibani, si siku ya sikukuu nyumba imejaa. Alikwenda Jumamosi na kilo mbili za sukari, akamkuta mama anachambua mchele, akakaa naye kwanza mpaka ungo ukaisha. Kama mzazi ni mkali, apite kwanza kwa baba mdogo, shangazi au mshenga wenu, mtu ambaye mzazi humsikiliza. Mke abaki nyumbani safari hii.

Hatua ya 5: Subirini jaribio. Litakuja, kwa kawaida kupitia kwako. Mama alimpigia mke: "Mwanangu siku hizi simwelewi." Jibu lililopangwa lilikuwa, "Shikamoo mama. Hilo atakueleza yeye, akirudi nitamwambia akupigie." Basi, bila kujitetea. Dalili ya kuwa mpango umevunjika ni fedha za ziada kutumwa kwa mama kimyakimya. Msigombane, rudini kwenye daftari mwone kama 80,000 ilikuwa ndogo kweli, au ni hofu tu.

Njia hii ina mipaka. Mkiwa mmejenga kwenye kiwanja cha ukoo, wazee wana neno, na hapo mnahitaji kikao cha familia. Lakini ndugu wakitaka nyumba yenu iwekwe rehani kwa mkopo wa shemeji, jambo hilo kwa Tanzania limeshawekewa utaratibu: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mume anaweza kumwambia mama hivyo bila kumbebesha mke lawama. Na kama kuna vitisho au kipigo, acha hatua hizi, nenda ustawi wa jamii au dawati la jinsia polisi.

Yule mama wa Ifakara alinuna miezi miwili. Tarehe 5 iliyofuata alipiga kusema fedha imefika, akauliza mabati yameshaezekwa au bado. Mume akamjibu bado upande wa jikoni. Mama akasema wawahi kabla ya masika.