Kabla hujabonyeza Sakinisha: anza na tovuti ya kampuni, duka lifuate

Mama mmoja muuza vitenge hapa Kariakoo aliniletea simu yake akilalamika, "Fundi, WhatsApp imeniishia mikononi." Nikamwamkia, nikakaa naye tukaifungua. Kwenye kundi la kikoba chao kulikuwa na ujumbe uliosambazwa mara nyingi: WhatsApp mpya yenye rangi, futa kwanza ya zamani, halafu bonyeza hapa. Alikuwa ameshafuta ya zamani. Ile mpya ilikwama kwa sababu simu ilimwuliza kama anaruhusu kusakinisha programu kutoka chanzo kisichojulikana, akaogopa. Uoga huo ndio uliomwokoa.

Nitatumia WhatsApp hiyohiyo kuonyesha namna ninavyokagua, kwa kuwa karibu kila mtu anayo na anaweza kufuata huku simu ikiwa mkononi. Njia ni ileile kwa programu ya benki au ya mtandao wa simu.

Hatua ya 1: Fika kwenye tovuti ya kampuni kwa njia yako mwenyewe

Usifuate kiungo ulichotumiwa, na usiandike jina la programu kwenye Google ukabonyeza jibu la kwanza. Majibu ya juu kabisa mara nyingi ni matangazo ya kulipia, na mwigaji naye ana pesa ya tangazo. Andika anwani mwenyewe juu ya kivinjari: `whatsapp.com`. Kama ni benki, anwani itafute nyuma ya kadi, kwenye taarifa ya akaunti uliyochapishiwa tawini, au kwenye bango lililo ndani ya tawi lenyewe.

Ukurasa ukifunguka, soma anwani kabla ya kusoma kitu kingine chochote. Tafuta mkwaju wa kwanza, yaani alama ya `/`, baada ya jina la tovuti, kisha urudi kushoto. Maneno mawili ya mwisho kabla ya mkwaju huo ndiyo yanayosema mwenye tovuti ni nani. (Kwa anwani zinazoishia na `.co.tz` au `.co.ke`, soma matatu.) Linganisha hizi:

```
https://www.whatsapp.com/download
https://whatsapp.com.pakua.example/download
```

Ya kwanza mwenyewe ni whatsapp.com. Ya pili mwenyewe ni pakua.example, hata kama imeanza na jina la WhatsApp. Kwenye simu ndogo sehemu ya mwisho hufichwa kwa kukosa nafasi, kwa hiyo gusa anwani uivute hadi uione yote. Alama ya kufuli isikudanganye: inasema tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani, na tovuti ya tapeli nayo hupata kufuli bila kulipa hata shilingi.

Hatua ya 2: Nenda dukani kwa kupitia kitufe cha tovuti hiyo

Hapa ndipo wengi hugeuza mambo. Hutafuta programu dukani, wakaiona, kisha wakabonyeza kiungo cha tovuti kilicho chini ya ukurasa wake ili "kuhakikisha". Kiungo hicho aliyekiweka ni msanidi mwenyewe, yaani aliyetengeneza programu. Tapeli huweka kiungo cha tovuti yake, nayo tovuti yake inakurudisha kwenye programu yake, na wewe unaondoka ukiamini umehakiki.

Haya yametokea. Mwaka 2023 watafiti wa kampuni ya usalama ya ESET walieleza kuhusu programu iliyoitwa Signal Plus Messenger, iliyojifanya ndugu ya Signal, programu ya kutumiana ujumbe kama WhatsApp. Ilikuwa imeingia Google Play na duka la Samsung, na ilikuwa na tovuti yake maalumu. Mtu aliyetoka dukani kwenda kwenye tovuti hiyo alikuta kila kitu kinalingana. Aliyeanzia `signal.org` asingekutana nayo kabisa, kwa sababu tovuti ya Signal haikuwa na kiungo cha kwenda huko.

Kwa hiyo kitufe kilicho kwenye tovuti ya kampuni ndicho kikupeleke. Kabla ya kukigusa, kibonyeze na ukishikilie mpaka kivinjari kikuonyeshe anwani kinakokwenda. Kwa Android iwe `play.google.com`, kwa iPhone iwe `apps.apple.com`. Picha ya kitufe cha Google Play inanakiliwa na mtoto wa shule. Kiungo cha yule mama kilifungua ukurasa wenye nyota, maoni ya watu na kitufe cha kijani cha Sakinisha, umefanana na Play Store kama shilingi kwa ya pili, lakini ulikuwa ndani ya Chrome, na ukibonyeza kilichoshuka ni faili linaloishia na `.apk`. Play Store ya kweli haikushushii faili. Inasakinisha yenyewe.

Hatua ya 3: Soma kitambulisho, herufi kwa herufi

Ukiwa kwenye ukurasa wa programu ndani ya Play Store, gusa vidoti vitatu juu, chagua Shiriki, nakili kiungo, kisha kibandike mahali unapoweza kukisoma, hata kwenye ujumbe unaojitumia mwenyewe. Cha WhatsApp ni hiki:

```
https://play.google.com/store/apps/details?id=com.whatsapp
```

Kilicho baada ya `id=` ndicho kitambulisho cha programu. Jina, nembo na picha vinaweza kuigwa, lakini ndani ya Google Play programu mbili haziwezi kuwa na kitambulisho kimoja. Mwigaji atalazimika kuongeza herufi, nukta au neno fulani. Kwa iPhone ni namba; WhatsApp Messenger ni `id310633997`.

Usikisie kitambulisho kwa akili yako. Cha Signal ya kweli ni `org.thoughtcrime.securesms`, hakina hata neno Signal, na mtu asiyejua angekiona ndicho feki. Ndiyo maana nasisitiza kitambulisho kitoke kwenye kitufe cha tovuti. Kama ulishafungua ukurasa wa duka kwa njia nyingine, kwa mfano rafiki kakutumia, weka viungo viwili kimoja juu ya kingine na ulinganishe kilicho baada ya `id=`. Maneno kama `&hl=sw` yanayofuata ni lugha tu, yaache.

Hatua ya 4: Jina la msanidi, lakini usilitegemee peke yake

Chini ya jina la programu kuna jina la msanidi. La WhatsApp ni WhatsApp LLC. Lilinganishe na jina la kampuni lililoandikwa kwenye tovuti, kwa kawaida chini kabisa au kwenye masharti ya matumizi. Kisha liguse uone programu nyingine za msanidi huyo. Kwa WhatsApp utaikuta pia WhatsApp Business.

Sababu ya kutolitegemea ni kisa cha Novemba 2017. Programu iitwayo Update WhatsApp Messenger ilikaa Google Play ikiwa na jina la msanidi lililoonekana kuwa WhatsApp Inc., jina lilelile kampuni ililotumia wakati ule. Ilipakuliwa zaidi ya mara milioni 1 kabla ya kuondolewa. Ujanja wao ulikuwa nafasi isiyoonekana iliyochomekwa kwenye jina. Kwa jicho huwezi kuiona, ila kwenye anwani ya ukurasa wa msanidi ilijitokeza hivi:

```
WhatsApp+Inc%C2%A0.
```

Hiyo `%C2%A0` ndiyo nafasi yenyewe. Ukikuta alama za asilimia kama hizo kwenye jina la kampuni ambalo lina herufi za kawaida tu, achana na programu hiyo. Na tazama idadi ya upakuaji kwa kuilinganisha, usiitazame pekee. Milioni 1 ni nyingi, lakini WhatsApp halisi wakati huo ilikuwa imeshapita bilioni 1.

Wenye iPhone msijione mko salama kabisa. Februari 2024 LastPass, kampuni ya kutunza nywila, ilionya kuwa ndani ya App Store kulikuwa na programu iitwayo LassPass yenye nembo ya kufanana na yao. Ilikuwa imepita ukaguzi wa Apple.

Hatua ya 5: Kama tovuti yenyewe inatoa faili la APK

Zipo kampuni za kweli zinazofanya hivyo. Signal na Telegram ni mojawapo. Hapo kitambulisho hakitoshi tena, kwa sababu nje ya duka mtu yeyote anaweza kutengeneza faili na kuliandika `com.whatsapp`. Kinachobaki ni saini. Kila programu ya Android inasainiwa kwa ufunguo wa msanidi, na simu hukataa toleo jipya lisilo na saini sawa na ya lile lililomo.

Sasa rudi kwenye ujumbe wa kikoba: "futa kwanza ya zamani". Tapeli hana ufunguo wa WhatsApp, kwa hiyo faili lake likiwa na kitambulisho kilekile haliwezi kukaa juu ya programu halisi. Lazima wewe mwenyewe uiondoe. Ukiambiwa ufute programu nzima ndipo upakue faili kutoka kwenye kiungo, hapo umeshapata jibu lako.

Signal hutangaza alama ya saini yao kwenye ukurasa wa `signal.org/android/apk`. Mwenye kompyuta iliyo na zana za Android anaweza kuikagua:

```
apksigner verify --print-certs Signal.apk
```

Tafuta mstari wa SHA-256 digest. Alama yenyewe inaanza na `29f34e5f`. Kwenye tovuti imeandikwa kwa herufi kubwa na nukta mbili katikati, `29:F3:4E:5F`, lakini ni ileile. Linganisha yote mpaka mwisho, usiishie mwanzoni. Usipokuwa na kompyuta, ushauri wangu ni kuachana na APK na kutumia duka.

Tovuti ikiwa haina kitufe cha duka

Saccos na kampuni ndogo nyingi ziko hivi, na hapa njia yangu inafika mwisho. Piga namba iliyo kwenye kitabu chako cha uanachama, omba wakusomee kilicho baada ya `id=`. Wakishindwa kukitaja, mimi husubiri hadi niende ofisini kwao. Kwa programu za mikopo kuna orodha za waliopewa leseni, mfano ile ya Benki Kuu ya Kenya, lakini orodha hiyo inathibitisha kampuni tu. Haisemi kwamba programu uliyoishika ni ya kampuni hiyo.

Iliyokwisha kuingia kwenye simu

Fungua Mipangilio, kisha Programu, chagua unayoitilia shaka, shuka hadi chini kabisa. Android nyingi huonyesha kuwa imesakinishwa kutoka Google Play Store, na ukigusa hapo unapelekwa kwenye ukurasa wake, ambao sasa unaweza kuukagua kama tulivyofanya. Kama sehemu hiyo haipo au inataja kitu kingine, huenda iliingia kwa faili.

Yule mama tulimrudishia WhatsApp kwa kuanzia `whatsapp.com`, tukaangalia chini kwenye Mipangilio, ikasoma Google Play Store. Kisha tukaifungua folda ya vilivyopakuliwa, tukalifuta lile faili. Alikuwa nalo mara tatu. Kila lilipokataa, alikuwa analipakua tena.