Kunyeshea mvua picha kavu ya Lamu

Picha niliyoifanyia kazi niliipiga Januari nikiwa gatini Lamu, nimeelekea kisiwa cha Manda, upande wa mashariki: mashua mbili, ukuta mweupe pembeni, jua kali. Upana wake ni pikseli 3000, na kazi yote nimeifanya Photoshop.

Kwanza tia giza. Wengi huanza na mvua, kisha hushangaa kwa nini haionekani. Michirizi tutakayoitengeneza hung'arisha tu kilicho chini yake, na juu ya ukuta mweupe hakuna cha kung'arisha. Fungua Curves, shusha katikati ya mstari mpaka mbingu iwe kijivu cha risasi. Kwenye Hue/Saturation punguza Saturation hadi -35. Vivuli vikali vya jua vitakusaliti hata hivyo. Changu cha chini ya ukuta nilikifuta kwa Clone Stamp.

Tengeneza chengachenga. Weka leya mpya, ijaze nyeusi, kisha Filter > Noise > Add Noise: 25%, Gaussian, na utie alama kwenye Monochromatic, la sivyo mvua itakuwa na rangi za kanga. Punje hizo ni ndogo mno kuwa matone, kwa hiyo ivute leya kwa Free Transform hadi 300%. Acha sehemu inayotoka nje ya picha ibaki hukohuko, maana kingo ndizo zinazoharibika hatua ifuatayo. Badilisha hali ya leya kuwa Screen, weusi utapotea.

Sasa upepo. Filter > Blur > Motion Blur, Distance 60. Angle ndiyo iliyonikosesha. Niliweka 75, mvua ikaja kutoka juu kulia, kama inavyoletwa na upepo wa kusi. Baharia mmoja akaitazama, akacheka: "Mwanangu, mvua yako ya kusi, bendera yako ya kaskazi." Kweli, bendera ya mashua ilikuwa imelala kuelekea kulia. Nikaweka -75, vikapatana. Kabla hujagusa Angle, tafuta bendera, tanga au majani ya mnazi.

Ukiona utando wa kijivu picha nzima, huo si mvua bado. Fungua Levels kwenye leya hiyo, sogeza kidude cheusi kulia mpaka utando uishe na michirizi itengane.

Mvua ya karibu. Rudia yote kwenye leya nyingine, ukivuta hadi 500% na Distance 120, kisha Opacity 40%. Bila hiyo mvua huonekana kama pazia lililobandikwa juu ya kioo. Angle iwe ileile.

Anayetaka theluji, ambayo Lamu haijui, aache Distance kwenye 8 tu na apunguze punje kwa Levels.

Sakafu ya gati bado itakuwa kavu. Mimi niliikata picha juu yake.