Jinsi ya kutafsiri kadi ya gari la Japani kutoka kwenye picha: mwaka, injini na mwenye gari

Muuzaji akikutumia picha ya kadi kabla gari halijapakiwa melini, usikimbilie kutafsiri, anza na picha yenyewe.

1. Picha. Karatasi ilazwe mezani, mwanga wa dirishani, bila flashi, kona zote nne zionekane, halafu uombe picha nyingine ya karibu ya kila sehemu yenye namba. Ukiona 1 inafanana na 7 usikisie hata kidogo, rudisha, omba ipigwe upya.

2. Mwaka. Hapa ndo watu wengi wanapotea. Tafuta 初度登録年月, yaani mwaka na mwezi gari liliposajiliwa mara ya kwanza, utakuta umeandikwa kwa hesabu ya zama za Kijapani. 平成 ni Heisei, unajumlisha 1988, na 令和 ni Reiwa, iliyoanza Mei 2019, unajumlisha 2018. Tuseme ni Fielder ya NZE141, imeandikwa 平成24年3月: 24 na 1988 ni 2012, kwa hiyo Machi 2012. Ila kwenye tafsiri andika "mwaka wa usajili wa kwanza", usiandike mwaka wa kutengenezwa, maana gari linaweza kutoka kiwandani Novemba likasajiliwa Februari, na ukivichanganya forodhani wanaweza kukuuliza mbona nyaraka zinapishana.

3. Injini. Ukubwa uko kwenye 総排気量, kwa lita. Fielder yetu itaonyesha 1.49. Mtu anaona hivyo anaandika cc 1490, mwingine cc 1500, na zote mbili sio, injini hiyo ya 1NZ ina cc 1,496 ila kadi inaishia desimali mbili tu. Wewe tafsiri "lita 1.49" kama ilivyo, hiyo 1,496 iweke pembeni kama maelezo ya mtafsiri. Usichanganye na 型式, hiyo ni namba ya modeli. Namba ya chesisi nayo inakopiwa herufi kwa herufi, na usishtuke haifiki tarakimu 17, magari ya soko la Japani ndo yalivyo.

4. Mwenye gari. Kuna 所有者, mmiliki, na 使用者, mtumiaji. Gari la mkopo mara nyingi mmiliki ni kampuni ya fedha au duka la magari, na mtumiaji ndo yule aliyekuwa analiendesha, kwa hiyo jina la mtumiaji usiliweke kwenye sehemu ya mmiliki. Ukikuta nyota * kwa mtumiaji, maana yake ni huyohuyo mmiliki. Majina ya kanji yanasomeka zaidi ya namna moja, muulize muuzaji yanavyoandikwa kwa herufi za kilatini.

Na kama kadi ni ile ndogo yenye chipu, iliyoanza Januari 2023, jina la mmiliki hutalikuta hata ukuze picha vipi, liko ndani ya chipu. Omba ile karatasi kubwa yenye jina hilo, 自動車検査証記録事項, utafsiri kutoka hapo.