Tangazo la jina jipya la kampuni: anza na Jumatatu asubuhi

Tangazo likianza na "safari yetu mpya" na maana ya rangi za nembo, mtu wa mapokezi atalifunga bila kujua aitikie simu kwa jina gani. Liandike upya kwa kujiuliza: Jumatatu akifika kazini, atafanya nini tofauti na Ijumaa?

"Utambulisho mpya utaonekana katika mawasiliano yote" haimwambii kitu. Iwe hivi: "Kuanzia Jumatatu saa 2 asubuhi, barua pepe zako zitatoka kwa anwani mpya. Zitakazotumwa kwa ile ya zamani zitaendelea kukufikia kwa miezi 12. Nywila haibadiliki. Nakili saini mpya iliyoambatishwa." Hiyo miezi waulize watu wa tehama kwanza, usiikisie.

Panapoharibika zaidi ni kwenye ankara. Mara nyingi hubadilika jina la biashara tu, huku jina lililosajiliwa, namba ya mlipakodi na akaunti ya benki vikibaki vilevile. Usiposema hivyo, mhasibu ataandika jina jipya kila mahali, na mteja atarudisha ankara kwa kuwa hailingani na mkataba. Andika: "Nembo mpya juu, jina lililosajiliwa chini, kama lilivyo kwenye mkataba." Na kama akaunti haibadiliki, liweke hilo kwa herufi nzito, maana matapeli hupenda sana kipindi hiki kuwatumia wateja "akaunti yetu mpya".

Mshahara na mkataba wa ajira havijaguswa? Sema mapema, ndilo swali la kwanza la wengi. Hadithi ya nembo ikae mwisho kabisa.