Kumvalisha mteja gauni la picha ya mtu usiyemjua

Mama mshonaji wa Kadutu, hapa Bukavu, anatuma kwa WhatsApp picha yake na picha ya gauni la kikwembe aliyoiokota mtandaoni. Anataka programu ya akili mnemba imvalishe gauni hilo kwa ajili ya tangazo la duka. Kazi ya namna hii naifanya hivi.

1. Tenganisha vitu vitatu. Picha kwa kawaida ni ya aliyeipiga, si ya aliyevaa. Haki yake haingoji kusajiliwa: ndivyo usemavyo Mkataba wa Berne wa hakimiliki, ambao Kongo imo, na hapa nchini kuna sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986. Maua ya kikwembe nayo ni mchoro wenye mwenyewe. Tazama jina kwenye ukingo wa kitambaa. Mkato wa kawaida, kama mikono ya puto na kiuno cha kubana, hauna mwenyewe. Kwa hiyo mama anaweza kushona gauni la mkato huo bila kumuuliza mtu, lakini picha ile hawezi kuitumia hivyo hivyo. Kukata kichwa cha aliyevaa, jambo wengi wanalolitegemea, hakubadilishi kitu kwa mpiga picha.

2. Mtafute mwenye picha. Ipitishe kwenye Google Lens, ufuate nakala ya zamani zaidi, kubwa, isiyokatwa pembeni. Kurasa za mitindo zinazosambaza picha za watu si wenyewe. Ukikuta alama ya CC BY, yaani leseni ya Creative Commons, tumia na utaje jina. Yenye ND hairuhusu kusambaza picha iliyobadilishwa. Yenye NC haifai kwa tangazo la duka.

3. Omba ruhusa ukitaja kazi yenyewe: “Naomba kutumia picha yako ya gauni la bluu kama mfano wa kumvalisha mteja wangu kwenye tangazo la duka lake, litakalowekwa Facebook na kuchapwa. Nitaandika jina lako. Je, unakubali, na ni bei gani?” Jibu lake lihifadhi kwenye folda ya kazi.

4. Asipojibu, hujaruhusiwa. Mwambie mama atundike gauni alilolishona mwenyewe karibu na dirisha, ulipige mbele na ubavuni, na picha hiyo ndiyo uipe programu. Kama bado hajalishona, eleza mkato kwa maneno na upige picha ya kitambaa anachokiuza. Mchoro wa kitambaa unabaki wa kiwanda, ila anatangaza bidhaa halisi aliyoinunua, na hilo halifanani na kuchapa maua yale kwenye mifuko ya kuuza.

5. Ikiwa mwenzako alishatumia picha ya mgeni, weka matokeo juu ya ile ya asili, uifanye nusu-wazi, ulinganishe gauni kwa gauni. Mkato kufanana hakusumbui. Mikunjo ikiangukia palepale, na kivuli cha kwapani kikiwa na umbo lilelile, programu imebeba picha yenyewe. Hiyo usimkabidhi mama. Rudi hatua ya 4.