Somo: Mkondo wa kuwashia mota, na kwa nini ndio unaochagua saizi ya inverta

Tuchukue nyumba ya kawaida hapa mjini Lamu: friji moja, na pampu ya nusu hosipawa inayovuta maji kisimani na kuyapandisha kwenye tangi la darini. Mwenye nyumba amejumlisha wati za vyombo vyake, akapata chini ya 1,000, akanunua inverta ya 1,000. Taa zinawaka, feni inazunguka, simu zinachaji. Akibonyeza swichi ya pampu, pampu inanguruma, taa zinafifia, inverta inapiga kelele na kuzima. Inverta hiyo si mbovu. Hesabu ndiyo iliyokosea, kwa sababu wati zilizojumlishwa ni za mota ambayo tayari inazunguka.

Mota inapozunguka huzalisha ndani yake volti inayoipinga ile ya stima, na upinzani huo ndio unaozuia mkondo usiwe mkubwa. Ikiwa imesimama, volti hiyo ya kupinga haipo. Kwa hiyo mara tu unapowasha, mota huvuta mkondo wa mara 4 hadi 10 ya ule wa kawaida mpaka ishike kasi. Ikiwa na afya, hilo huisha ndani ya sekunde moja, mara nyingi chini yake. Inverta lazima iibebe sekunde hiyo bila volti kuporomoka.

Kuporomoka kwa volti ndiko kunakoharibu mambo. Nguvu ya mota ya kujizungusha hushuka kwa mraba wa volti: ukishuka kutoka 240 hadi 170, nguvu hiyo inabaki nusu tu. Nusu haitoshi kuisukuma kompresa ya friji, kwa hiyo mota inabaki imesimama, na kwa kuwa imesimama inaendelea kuvuta ule mkondo mkubwa. Utasikia mngurumo mfupi, kisha "tik": ni oloodi ya kompresa imekata. Baada ya dakika chache inajaribu tena. Friji inayofanya hivyo usiku kucha itaishia kuunguza waya za ndani au kifaa cha kuwashia.

Hatua ya 1: Soma kibati kilicho sahihi

Usiamini karatasi ya mlangoni yenye nyota za matumizi. Geuza friji, angalia chini kwa nyuma, usome kibati cha kompresa yenyewe. Ukibahatika utaona herufi LRA na namba ya ampea pembeni. Huo ndio mkondo wa mota iliyosimama, yaani namba unayoitafuta. Pampu ndogo nyingi hazina LRA kwenye kibati, zinaandika ampea za kawaida tu. Hapo zidisha kwa 5 kama makadirio, halafu upime.

Hatua ya 2: Pima kwa klampu mita

Tafuta klampu mita yenye kitufe cha INRUSH. Ile ya kawaida husoma polepole, na mkondo wa kuwashia unapita kabla namba haijatulia. Klampu ibane waya mmoja tu, wa laini. Ukibana kebo nzima utapata sifuri, kwa sababu mkondo wa kwenda na wa kurudi hufutana. Njia salama ni kutengeneza ekstensheni fupi ambayo ganda lake la nje limefunguliwa sehemu ndogo, waya wa laini ukavutwa nje na insulesheni yake ikiwa nzima. Ifungue ikiwa haina stima.

Pima kwenye stima ya kawaida, si kwenye inverta unayoishuku, maana inverta dhaifu itakuonyesha mkondo ambao yenyewe imeweza kuutoa, si ule ambao mota inautaka. Washa mara tatu na uchukue namba kubwa kabisa. Friji ipe dakika tano kati ya jaribio na jaribio, ili gesi isawazike.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya wakati mbaya kabisa

Kwa nyumba yetu, tuseme vipimo ni hivi. Pampu: ampea 2.5 ikizunguka, 11 ikiwaka. Friji: 0.7 ikizunguka, 7 ikiwaka. Taa, feni na televisheni pamoja: VA 200. Ampea ukizizidisha kwa volti 240 unapata VA.

```
Vyote vikizunguka:          600 + 168 + 200   = 968 VA
Pampu ikiwaka, friji iko:   2640 + 168 + 200  = 3008 VA
Vyote viwili vikiwaka:      2640 + 1680 + 200 = 4520 VA
```

Mstari wa kwanza ndio uliomponza mwenye nyumba. Wa tatu hutokea inverta iliyozimika inapowashwa tena huku swichi zote ziko juu. Huna haja ya kuununulia inverta, uzuie usitokee. Weka frijigadi yenye kuchelewesha dakika tatu hadi tano, na pampu iwe na swichi ya mkono badala ya kujiwasha. Basi unabaki na mstari wa pili. Ongeza robo yake kwa ajili ya joto na betri iliyochoka: karibu VA 3,760.

Hatua ya 4: Soma inverta inavumilia nini, na kwa muda gani

"Piki 4,000" iliyochapwa kwenye boksi haisemi kitu bila muda. Inverta nyingine hutoa piki yake kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na mota haijaanza hata kugeuka. Fungua kitabu chake, utafute jedwali la oloodi. Kwa mfano, inverta nyepesi ya VA 3,000 ambayo jedwali lake linaruhusu asilimia 110 hadi 150 kwa sekunde 10 inatutosha, kwani 3,760 ni asilimia 125 tu. Inverta nzito yenye transfoma kubwa ya chuma, ya VA 1,500 lakini yenye kuvumilia mara tatu kwa sekunde kadhaa, nayo inatosha. Kwa nyumba za mota ningechagua hiyo nzito, ingawa kuivusha kutoka Mokowe ni kazi. Zote mbili ziwe za wimbi safi. Wimbi la ngazi huipasha mota joto na kuipunguzia nguvu ya kuanza.

Usikimbilie VA 5,000 ili ulale usingizi. Inverta kubwa hula yenyewe bila mzigo. Wati 40 usiku na mchana ni wati-saa 960 kwa siku, na friji ndogo inaweza kula kiasi hicho hicho.

Hatua ya 5: Upande wa betri

Hapa ndipo inverta nzuri hulaumiwa bure. Tuchukulie kwamba katika zile VA 3,008, wati halisi ni 2,000. Kwenye betri ya volti 12, ukihesabu upotevu wa inverta, ni ampea 196. Kebo ya shaba ya milimita 16 za mraba, mita mbili kwenda na mbili kurudi, itapoteza volti 0.86. Betri iliyokuwa 12.4 nayo hujiangusha yenyewe, tuseme 0.7. Inverta inabaki ikiona 10.8, na nyingi hukata kwenye 10.5. Sasa ongeza lagi moja ya kwenye ncha ya kebo iliyoota kutu ya kijani kwa upepo wa chumvi: miliohm mbili tu zinaondoa volti 0.4 nyingine, na hapo inakata.

Kwa mzigo huu tumia volti 24. Mkondo unashuka hadi ampea 98, na upotevu wa kebo unakuwa nusu wakati volti zenyewe zimeongezeka maradufu. Weka kebo ya milimita 35 na fyuzi ya ampea 125 karibu na betri. Lagi zibanwe kwa koleo lake, si nyundo, kisha zipakwe grisi au vaselini.

Hatua ya 6: Jaribu

Friji ikizunguka, washa pampu huku mita ya volti iko kwenye vituo vya inverta upande wa betri. Rudia jioni, betri ikiwa imeshuka hadi nusu. Mfumo unaoshika asubuhi tu, jua likisaidia, bado haujapita mtihani.

Maswali ya wanachama

Swali, Langoni: Assalam aleikum fundi. Pampu yangu ilikuwa inawaka vizuri na inverta miaka miwili, sasa inanguruma tu. Nibadilishe inverta?

Jibu: Waleikum salaam. Usinunue kitu bado. Zima, chomoa, kisha tia bisibisi kwenye ncha ya shafti upande wa feni uizungushe. Pampu hizi ndogo zina pangaboi la shaba lililobanana sana na nyumba yake, na maji yetu ya chumvichumvi huligandisha likikaa siku chache. Ikizunguka laini, pima kapasita. Iliyoandikwa µF 10 ikisoma 6, mota haina nguvu ya kuanza na itavuta mkondo mkubwa bila kugeuka. Badilisha kwa µF zile zile, volti 450.

Swali, huyo huyo: Nikiweka kapasita kubwa zaidi haitaanza kwa wepesi?

Jibu: Itaanza, halafu itaungua. Kapasita hiyo hubaki kwenye laini muda wote mota inazunguka, na ikizidi saizi hupitisha mkondo mwingi kwenye waya wa pili.

Swali, Shela: Shikamoo fundi. Nina friza ya samaki. Stima ikikatika na kurudi haraka haiwaki, lakini nikisubiri inawaka.

Jibu: Marahaba dada. Gesi bado ina shinikizo upande mmoja, na kompresa haiwezi kuanza ikiwa inasukuma shinikizo hilo. Pia friza nyingi huwashwa na kidude kinachohitaji kupoa kwanza. Frijigadi iliyowekwa dakika tano inamaliza tatizo hilo, na inverta haihusiki.

Swali, Malindi: Fundi, friji yangu imeandikwa kwamba kompresa yake ni ya inverta. Nayo nizidishe mara tano?

Jibu: Hapana kaka. Kompresa hiyo hupandishwa kasi polepole na bodi yake ya elektroniki, kwa hiyo haina mruko wa kuwashia. Ihesabie wati za juu zilizoandikwa kwenye kibati. Kama haigandishi barafu, usisahau hita yake ya kuyeyusha, ambayo hufika wati 150 au zaidi. Kama una pampu, hiyo ndiyo inayobaki kuamua saizi.